Nishati ya uamilisho kwa halijoto mbili: kisa cha N2O5 kwenye nyuzi 25 na 45

Dinitrojeni pentoksidi, N2O5, ikikaa chomboni kama gesi kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, nusu yake huvunjika kwa muda wa saa tano na nusu hivi. Chombo hichohicho kikipashwa hadi nyuzi 45, nusu hiyo huisha kwa dakika 23. Gesi haijabadilika, mmenyuko haujabadilika. Zilizoongezeka ni nyuzi 20 tu. Swali la kisa hiki ni kizingiti cha nishati kilicho nyuma ya mruko huo kina kimo gani, na tukishakipata, jibu hilo tuliamini kwa kiasi gani.

Sehemu ya kwanza ya swali ni hesabu ya dakika tano. Ya pili ndiyo inayowaangusha wengi, kwa sababu njia ya halijoto mbili ina tabia moja mbaya: hailalamiki. Ukiipa namba mbili zozote itakupa Ea, yaani nishati ya uamilisho, ambayo ndiyo kimo cha kizingiti hicho. Mstari unaopita kwenye nukta mbili hupita sawasawa kila mara, hata kama nukta moja ni ya uongo.

Data tutakazotumia ni za zamani na zinajulikana. Farrington Daniels na Johnston walizipima mwaka 1921, na vitabu vya kemia vinaendelea kuzichapa hadi leo. Konstanti za kasi, kwa sekunde, ni hizi:

```
nyuzi C    T (K)     k (s^-1)
0          273.15    7.87 x 10^-7
25         298.15    3.46 x 10^-5
35         308.15    1.35 x 10^-4
45         318.15    4.98 x 10^-4
55         328.15    1.50 x 10^-3
65         338.15    4.87 x 10^-3
```

Tutajifanya tuna mistari miwili tu, wa nyuzi 25 na wa nyuzi 45. Mingine minne tunaifunika kwa mkono, kisha tutaifunua baadaye ituambie kama tumesema kweli.

k zimetoka wapi

Kabla ya kugusa kikokotoo, inafaa kujua k ilivyopatikana, maana ikiwa k ni mbovu, hakuna mlinganyo utakaoiponya. Mmenyuko ni 2N2O5 → 4NO2 + O2. Moli mbili za gesi zinazaa moli tano, kwa hiyo shinikizo la chombo kilichofungwa hupanda kadiri mmenyuko unavyoendelea. Kama shinikizo la mwanzo ni p0 na la sasa ni p, shinikizo la N2O5 iliyobaki ni (5p0 − 2p)/3. Mmenyuko huu ni wa daraja la kwanza, hivyo ukichora logi asilia ya shinikizo hilo dhidi ya muda unapata mstari ulionyooka unaoshuka, na mteremko wake, ukiondoa alama ya kutoa, ndio k.

Kuna mtego mmoja hapo, nao unagusa Ea moja kwa moja. NO2 haitulii peke yake. Sehemu yake huungana mbili-mbili kuwa N2O4, na muungano huo hupunguza idadi ya molekuli, hivyo hupunguza shinikizo. Asiyeusahihisha ataona shinikizo dogo kuliko linalostahili na kudhani mmenyuko unakwenda polepole kuliko ulivyo. Ubaya ni kwamba N2O4 hupenda baridi. Kwenye nyuzi 25 kosa ni kubwa kuliko kwenye nyuzi 45, kwa hiyo k ya baridi inashushwa zaidi ya k ya joto, uwiano wao unavimba, na Ea inatoka juu kuliko ilivyo. Kosa ambalo lingekuwa sawa kwenye halijoto zote mbili lingefutika lenyewe ndani ya uwiano, hili halifutiki.

Kufutika huko kuna faida yake pia. Vitabu vingine huandika kasi ya kupotea kwa N2O5 kuwa k[N2O5], vingine 2k[N2O5], na wanafunzi hubishana ipi ni sahihi. Kwa kutafuta Ea, bishano hilo halina uzito: ile 2 iko juu na chini ya uwiano, inaondoka. Sharti ni kutumia kanuni moja kwa halijoto zote mbili.

Hesabu yenyewe

Mlinganyo wa Arrhenius, alioutoa Svante Arrhenius mwaka 1889, unasema k = A·e^(−Ea/RT). Ea ni nishati ya uamilisho, yaani kiasi cha nishati ambacho molekuli zinahitaji ili zivuke kutoka upande wa viasili kwenda upande wa mazao. A ni kizidisho chenye vizio vilevile vya k. R ni konstanti ya gesi, 8.314 J kwa moli kwa kelvini. Tukiandika mlinganyo huo mara mbili, kwa T1 na kwa T2, kisha tukagawanya wa pili kwa wa kwanza, A inafutika, na tukichukua logi asilia tunabaki na:

```
ln(k2/k1) = (Ea/R) · (1/T1 − 1/T2)
```

Angalia mpangilio wa namba 1 na 2. Upande wa kushoto 2 iko juu. Upande wa kulia 1 inatangulia. Ukizichanganya utapata Ea hasi, na hilo angalau ni kosa linalojitangaza lenyewe.

Uwiano wa k: 4.98 × 10^-4 gawanya kwa 3.46 × 10^-5 ni 14.393. Logi asilia yake ni 2.6668.

Tofauti ya 1/T ndiyo inayohitaji mkono mtulivu. Njia ya kawaida ni kukokotoa 1/298.15 = 0.00335402 na 1/318.15 = 0.00314317, kisha kutoa. Namba hizi mbili zinafanana sana, na unapotoa namba zinazofanana, tarakimu za mbele zinakufa na unaishi kwa zile za nyuma. Mtu akizikata ziwe 0.0034 na 0.0031, tofauti inakuwa 0.0003 badala ya 0.00021, na Ea inaporomoka hadi 74 kJ. Dawa ni kuepuka utoaji huo kabisa kwa kutumia umbo jingine la kitu hichohicho:

```
1/T1 − 1/T2 = (T2 − T1)/(T1 · T2)
            = 20/(298.15 × 318.15)
            = 2.1085 x 10^-4 K^-1
```

Hapa unatoa halijoto zenyewe, ambazo tofauti yake ni 20 kamili, kisha unagawanya. Hata mwenye kikokotoo cha bei nafuu hapotezi kitu.

Sasa Ea/R = 2.6668 / 2.1085 × 10^-4 = 12,648 K. Zidisha kwa 8.314: Ea = 105,155 J kwa moli, yaani 105.2 kJ kwa moli.

Anayependa kompyuta ataandika hivi:

```python
from math import log, exp
R = 8.314
T1, k1 = 298.15, 3.46e-5
T2, k2 = 318.15, 4.98e-4
Ea = R * log(k2/k1) / (1/T1 - 1/T2)
A = k1 * exp(Ea/(R*T1))
print(Ea/1000, A)
```

Hadhari moja kuhusu neno log. Katika Python, `log` ni logi asilia. Katika Excel, `LOG` ni ya msingi wa 10, na logi asilia ni `LN`. Kwenye kikokotoo cha mkononi, kitufe cha log ni cha msingi wa 10. Mtu anayehama kutoka kimoja kwenda kingine bila kuangalia ataingia shimoni, na tutaona sasa hivi kwamba shimo hilo limefunikwa kwa majani.

A kama shahidi

Makosa matatu yanatokea kila mara kwenye hesabu hii, na kila moja lina sura yake.

La kwanza ni kutumia nyuzi za Selsiasi badala ya kelvini. Ukiweka 25 na 45, tofauti ya 1/T inakuwa 0.0178 na Ea inatoka 1.25 kJ kwa moli. Jibu hilo ni la kuchekesha: kizingiti kidogo hivyo kisingeweza kuufanya mmenyuko uongeze kasi mara 14 kwa nyuzi 20. Ea ya tarakimu moja ikikutokea, angalia halijoto kabla ya kitu kingine chochote.

La pili ni kuchanganya vizio vya muda. Daniels na Johnston walitoa k zao kwa dakika, vitabu vingi huzichapa kwa sekunde. Kwa nyuzi 45, k ni 0.0299 kwa dakika. Ukiichukua hiyo na kuiweka juu ya 3.46 × 10^-5 ya sekunde, uwiano unakuwa mara 60 zaidi ya halali na Ea inafika karibu 267 kJ. Kama k zote mbili zingekuwa za dakika pasingekuwa na tatizo lolote, maana 60 ingejifuta. Tatizo ni pale moja inapokuwa ya dakika na nyingine ya sekunde.

La tatu ndilo baya zaidi, kwa sababu jibu lake linapendeza. Ni logi ya msingi wa 10 bila kuzidisha kwa 2.303. Uwiano uleule 14.393 unatoa 1.158, na Ea inatoka 45.7 kJ kwa moli. Mimenyuko mingi kweli ina Ea ya kiasi hicho. Mwalimu anayesahihisha kwa haraka anaweza kuipitisha, na mwanafunzi hana sababu ya kushtuka.

Hapo ndipo A inapoitwa kutoa ushahidi. Watu wengi wakishapata Ea hufunga daftari, kwa kuwa swali halikuuliza A. Lakini A inapatikana kwa mstari mmoja wa ziada, ln A = ln k1 + Ea/(R·T1), na kwa mmenyuko wa daraja la kwanza ambamo molekuli moja inavunjika, tunajua takriban inapaswa kuwa wapi: karibu na 10^13 kwa sekunde, ambao ndio ukubwa wa mitetemo ya vifungo vya molekuli. Kimantiki, kifungo kinajaribu kukatika kila kinapotetema, na e^(−Ea/RT) inasema ni majaribio mangapi yanayofaulu.

Kwa jibu letu la 105.2 kJ: ln k1 ni −10.272, na Ea/(R·T1) ni 12,648/298.15 = 42.421. Jumla ni 32.15, kwa hiyo A ni 9.2 × 10^13 kwa sekunde. Iko kwenye mtaa wake.

Kwa jibu la logi mbovu, 45.7 kJ, A inatoka kama 3,500 kwa sekunde. Hakuna kifungo kinachotetema mara 3,500 kwa sekunde. Kwa jibu la dakika na sekunde, A inatoka zaidi ya 10^42. Majibu yote mawili, moja lililoonekana la heshima na jingine lililoonekana kubwa kidogo tu, yameumbuka kwa kosa la zaidi ya mara bilioni. A hukuza kosa la Ea kwa sababu Ea imekaa ndani ya kipeo. Kile kinachoifanya A isifae kuripotiwa kwa usahihi ndicho kinachoifanya ifae kukagulia. Ni kigezo cha ukubwa tu, si cha tarakimu: A ya 10^12 au 10^14 isikupe homa. Na kwa mimenyuko ya molekuli mbili katika mmumunyo vizio vya A ni vingine na mtaa wake ni mwingine, usiupime kwa 10^13 hii.

Kufunua mistari iliyofichwa

Jibu la 105.2 limepita mtihani wa A. Je, ni sahihi kiasi gani? Tufunue mstari wa nyuzi 65 na tuone kama tungeutabiri.

Kutoka 318.15 K kwenda 338.15 K, tofauti ya 1/T ni 1.8590 × 10^-4. Mara 12,648 ni 2.351, na e^2.351 ni 10.5. Kwa hiyo tunatabiri k ya 5.23 × 10^-3. Iliyopimwa ni 4.87 × 10^-3. Tumezidisha kwa asilimia 7.

Twende upande wa baridi, nyuzi 0. Kutoka 298.15 K kushuka hadi 273.15 K, tofauti ni 3.0698 × 10^-4, mara 12,648 ni 3.883, na e^(−3.883) ni 0.0206. Tunatabiri 7.13 × 10^-7; iliyopimwa ni 7.87 × 10^-7. Hapa tumepunguza kwa asilimia 9.

Soma matokeo hayo mawili kwa pamoja. Upande wa joto utabiri umezidi, upande wa baridi umepungua. Hiyo maana yake mteremko wetu ni mkali kidogo kuliko halali: Ea ya kweli iko chini ya 105.2. Na kwa hakika, ukipitisha mstari bora kwenye nukta zote sita kwa njia ya miraba midogo kabisa, Ea inatoka 103.0 kJ kwa moli na A inatoka 3.9 × 10^13. Nyuzi 0 na 65 peke yake, zilizo mbalimbali kabisa, zinatoa 103.1. Tumekosea kwa 2 kJ, si vibaya.

Lakini tulibahatika. Tungechagua nyuzi 45 na 55, tungepata 95.7 kJ. Tungechagua 55 na 65, tungepata 108.6. Data ni zilezile, maabara ni ileile, na majibu yamepishana kwa karibu 13 kJ. Asiyejua chanzo chake anaweza kuandika aya nzima kwamba utaratibu wa mmenyuko unabadilika kwenye nyuzi 55, na aya hiyo ingekuwa hewa tupu. Ukilinganisha kila nukta na mstari wa zote sita, utaona k ya nyuzi 45 iko juu kwa asilimia 4 hivi, ya 55 iko chini kwa asilimia 4, na ya 65 iko juu kwa asilimia 2. Ni mitikisiko ya kawaida ya kipimo. Jozi ya 45 na 55 inaunganisha nukta iliyopanda na iliyoshuka, mteremko unalala. Jozi ya 55 na 65 inaanzia kwenye nukta iliyoshuka, mteremko unasimama.

Ukubwa wa athari hii unaweza kuukadiria kabla hata ya kuingia maabara. Kama kila k ina shaka ya asilimia 5, shaka ya ln(k2/k1) ni 0.05 mara kipeuo cha pili cha 2, yaani 0.071. Shaka ya Ea ni R mara 0.071 gawanya kwa tofauti ya 1/T. Kwa jozi ya 45 na 55 hiyo ni 6 kJ. Kwa jozi yetu ya 25 na 45 ni 2.8 kJ. Kwa 0 na 65 ni chini ya 1 kJ. Usahihi wa k haukubadilika hata kidogo; kilichobadilika ni urefu wa kiegemeo. Kama ni kupima mteremko wa paa, mwenye rula ya sentimita 10 atasumbuliwa na kila kokoto, mwenye ubao wa mita 3 hatalihisi.

Kwa nini basi watu wasichukue halijoto mbalimbali kila mara? Kwa sababu ya saa. Kwenye nyuzi 0 nusu-uhai wa N2O5 ni kama siku 10. Kwenye 65 ni sekunde 142, na gesi inahitaji muda wa kupata joto la beseni kabla kipimo hakijaanza kuwa na maana. Upande mmoja unachosha, upande mwingine unakimbia. Kwa mmenyuko wowote unaoupima mwenyewe, mipaka halisi ya halijoto huwekwa na mambo hayo mawili: mpimaji anaweza kungoja muda gani upande wa baridi, na sampuli inapata joto haraka kiasi gani upande wa moto.

Kipimajoto kinachodanganya

Shaka ya k huongelewa sana, ya T husahaulika. Kwa Ea ya 103 kJ, karibu na nyuzi 45, kila kelvini moja hubadilisha k kwa asilimia 12. Kwa hiyo kosa la nusu kelvini kwenye kipimajoto ni sawa na kosa la asilimia 6 kwenye k, hata kama kila kitu kingine kilipimwa kwa usahihi wa saa ya dhahabu.

Si kila kosa la halijoto lina uzito sawa, ingawa. Kama kipimajoto kinasoma kelvini moja juu kwenye halijoto zote mbili, tofauti T2 − T1 inabaki 20 na kinachoguswa ni zao T1·T2 tu. Ea inabadilika kwa asilimia 0.7 hivi, chini ya 1 kJ. Ndiyo maana hata mtu aliyeongeza 273 badala ya 273.15 hapati hasara: anapata 105.1 badala ya 105.2.

Kinachoumiza ni kosa la upande mmoja. Chombo cha moto hupoteza joto kwenye hewa ya chumba. Kipimajoto kimezama ndani ya maji ya beseni na kinasoma 45, wakati gesi ndani ya chombo iko 44. Chombo cha nyuzi 25, kikiwa karibu na joto la chumba, hakipotezi chochote. Sasa tofauti halisi ni 19 nawe umegawanya kwa 20. Ea inatoka chini kwa asilimia 5: kilichostahili kuwa 105 kinakuwa 100. Kosa hili halionekani kwa kurudia kipimo, kwa sababu kila ukirudia chombo kinapoa vilevile. Nambari zitakubaliana vizuri sana, zote zikiwa chini. A nayo itashuka hadi kama 10^13 na haitaonyesha chochote cha ajabu; shahidi huyu anakamata majambazi, vibaka wanampita. Dawa ni kupima joto la sampuli yenyewe, si la maji yaliyoizunguka, na shingo ya chombo izame majini badala ya kuchungulia nje.

Hapohapo kuna kanuni ya mtaani ya kuwekwa sawa, ile isemayo kwamba kila nyuzi 10 zinazidisha kasi mara mbili. Kati ya nyuzi 25 na 35 hilo ni kweli kwa mmenyuko wenye Ea ya 53 kJ hivi. Kwa N2O5 mruko huo ni mara 3.9. Anayeijaza nafasi ya kipimo cha pili kwa kanuni hii hajapata Ea. Amejipa 53 kJ mwenyewe halafu akairudisha kwa mzunguko.

Ea hii ni ya nini hasa

Kwa ripoti, jozi ya nyuzi 25 na 45 inaruhusu kuandika Ea = 105 ± 3 kJ kwa moli, kwa shaka ya asilimia 5 kwenye kila k. Tarakimu baada ya nukta haina haki ya kuwepo pale: 105.155 inayotoka kwenye skrini ni mapambo. Na pembeni mwa namba hiyo iandikwe kuwa inatoka kati ya 298 K na 318 K, kwa sababu mlinganyo unachukulia Ea na A kuwa hazibadiliki na halijoto, jambo ambalo kwa masafa mafupi ni kweli kwa kutosha, na kwa mamia ya nyuzi huanza kulegea.

Kuna la ziada kuhusu mmenyuko huu. Kwa vile ni wa daraja la kwanza na A yake inafanana na ya molekuli moja inayovunjika, kwa miaka mingi ulichukuliwa kuwa hatua moja. Mwaka 1947 mwanakemia Ogg alipendekeza utaratibu wa hatua kadhaa: N2O5 hugawanyika kuwa NO2 na NO3, hizo mbili mara nyingi hurudiana kuwa N2O5, na mara chache hukutana kwa namna nyingine zikatoa NO, O2 na NO2. Hatua hii ya mwisho ndiyo polepole. Kwa hiyo k tuliyoitumia ni mchanganyiko: takriban k ya kugawanyika mara k ya hatua ya polepole, gawanya kwa k ya kurudiana. Logi hugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha, hivyo Ea tuliyoipata ni Ea ya kugawanyika, kujumlisha Ea ya hatua ya polepole, kutoa Ea ya kurudiana. Ile 103 si kimo cha kilima kimoja ambacho molekuli ya N2O5 inakipanda. Ni hesabu ya vilima vitatu, na nukta mbili, au sita, au mia za k hii moja haziwezi kuvitenganisha.